Ovalodi ilitripu, mota ikaungua: kisa cha waya mmoja mfupi kwenye stata ya pampu, Igombe

Pampu iko kandokando ya ziwa, upande wa Igombe, kaskazini ya jiji la Mwanza. Inavuta maji ya ziwa na kuyapandisha kwenye shamba la nyanya na kabichi. Mota yake ni ya fezi tatu, 5.5 kW, 400 V, mizunguko 2,900 hivi kwa dakika, na kibao chake kinasema 11 A. Paneli ya stata imefungwa kwenye kibanda cha pampu ufukweni. Kiboksi chenye batani mbili, nyekundu ya kuzimia na kijani ya kuwashia, kiko juu kwenye banda la shamba, mita 40 kutoka kwenye paneli.

Siku mota ilipoungua, mlinzi aliona jambo ambalo wengi walilipuuza baadaye. Taa nyekundu kwenye mlango wa paneli ilikuwa inawaka, na pampu ilikuwa bado inazunguka, ila kwa mngurumo mzito kuliko wa kawaida. Akabonyeza batani nyekundu. Hakushangaa ilipokataa kuzima, maana haikuwahi kuzima tangu stata ifungwe, na kila siku pampu ilizimwa kwa breka. Alipofika chini kwenye paneli moshi ulikuwa umeshaanza, na breka ikajikata yenyewe.

Maoni ya kwanza yalikuwa yale ya siku zote: ovalodi ni feki, nunueni nyingine, msukeni mota, mambo yaishe. Kama ushauri huo ungefuatwa, mota iliyosukwa upya ingeungua kwa njia ileile. Taa nyekundu ile iliunganishwa na kontakti 97–98 ya ovalodi, kifaa kinacholinda mota isizidiwe mkondo. Ni kontakti ambayo iko wazi wakati wa kawaida na hufunga pale tu ovalodi inapotripu. Taa kuwaka maana yake ovalodi iliona hatari na ikafanya kazi yake. Kwa hiyo swali la kisa hiki ni moja: ovalodi imetripu, kontakta, yaani swichi ya sumaku inayoipa mota umeme, imebaki imeshika kwa nini?

Ovalodi haikati umeme wa mota

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Fezi tatu zinapita ndani ya ovalodi kwenda kwenye mota, kwa hiyo mtu hudhani ikitripu itazikata fezi hizo. Haizikati. Ndani ya ovalodi njia za fezi ni vipande vya chuma vinavyopata joto na kupinda, na vikipinda vya kutosha vinasukuma kitufe kidogo kinachofungua kontakti 95–96. Kazi ya ovalodi inaishia hapo. Anayekata umeme wa mota ni kontakta, na kontakta inaachia pale tu koili yake inapokosa umeme. Kama umeme wa koili haupiti 95–96, ovalodi inaweza kutripu mara kumi na mota isijue.

Njia ya umeme wa koili kwenye stata ya moja kwa moja, kwa koili ya 230 V, inatakiwa iwe hivi:

```
L3 → fyuzi 2 A → 95–96 → ZIMA (NC) → 13
13 → WASHA (NO) → 14 / A1
A2 → N
```

NC ni kontakti iliyofunga wakati wa kawaida, NO ni iliyo wazi, na A1 na A2 ni ncha za koili. Isome njia hiyo kama foleni ya walinzi. Umeme unatoka kwenye fezi moja, unapita fyuzi, unapita ovalodi, unapita batani ya kuzimia, ndipo unafika mahali unapogawanyika njia mbili. Njia moja ni batani ya kuwashia. Nyingine ni kontakti ya kushikilia, 13–14, iliyo kwenye kontakta yenyewe. Njia zote mbili zinakutana tena kwenye A1. Ukibonyeza WASHA, koili inapata umeme, kontakta inavuta, 13–14 inafunga, na ukiachia kidole koili inaendelea kula kupitia 13–14. Mlinzi yeyote aliye mbele ya ule mgawanyiko akifungua njia, koili inakufa na 13–14 inafunguka. Hata mlinzi akirudi mahali pake, mota haiwaki mpaka mtu abonyeze WASHA tena. Ndiyo maana umeme ukikatika na kurudi usiku, mota haianzi yenyewe.

Jambo la kushika hapo ni terminali 13. Lazima iungwe *baada* ya batani ya kuzimia. Ikiungwa kabla yake, kontakti ya kushikilia inawazunguka walinzi badala ya kupita kwao.

Waya uliokutwa

Paneli ya Igombe ilipofunguliwa, breka kuu ikiwa imezimwa na imepimwa kwamba hakuna umeme, kulikuwa na kipande cha waya chenye urefu wa kidole kutoka terminali 5/L3 ya kontakta kwenda 13. Kwenye kontakta nyingi ndogo terminali hizo zimepangwa jirani kabisa upande wa juu: 1/L1, 3/L2, 5/L3, kisha 13. Ni kishawishi kikubwa. Waya ni mfupi, nadhifu, na ukibonyeza WASHA stata inashika vizuri. Aliyeifunga aliiwasha, akaona inashika, akaondoka.

Umeme wa kontroli nao ulichukuliwa L3, na hilo ndilo lililoficha kosa. Laiti kontroli ingetoka L1 huku 13 imeungwa L3, siku ya kwanza mtu alipobonyeza WASHA fezi mbili zingekutana kupitia 13–14 na batani, fyuzi ingelipuka, na kosa lingejulikana hapohapo. Kwa kuwa zote mbili zilitoka fezi moja, hakukuwa na mlipuko wala cheche.

Fuata sasa waya huo ulifanya nini. Mota ikiwa imezimwa, 13–14 iko wazi, kwa hiyo koili inaweza kupata umeme kwa kupitia foleni halali tu. Ukishikilia batani nyekundu huku unabonyeza ya kijani, mota haiwaki. Fundi anayejaribu kwa njia hiyo anaridhika kwamba batani ya kuzimia inafanya kazi. Lakini mara kontakta inaposhika, koili inakula moja kwa moja kutoka L3 kupitia kile kipande kifupi. Batani ya kuzimia, ovalodi, hata fyuzi ya 2 A, vyote vimeachwa pembeni. Ungeweza kuichomoa fyuzi mota ikizunguka na isisimame. Kilichobaki cha kuizima ni breka au umeme wa mtaa kukatika.

Kwa nini mtu afunge hivyo

Ukisema tu kwamba aliyeifunga hakujua, hujapata sababu. Sababu ilikuwa kwenye ile nyaya ya mita 40 ya kwenda kwenye kiboksi cha batani: ilikuwa ya kori mbili.

Batani za WASHA na ZIMA zikiwa mbali na kontakta zinahitaji waya tatu. Wa kwanza unatoka 96 kwenda kwenye batani ya kuzimia. Wa pili unatoka katikati, pale batani ya kuzimia inapoungana na ya kuwashia, kurudi kwenye 13. Wa tatu unatoka upande wa pili wa batani ya kuwashia kurudi kwenye 14, na 14 inaungwa kwa kipande kifupi na A1. Ukiwa na kori mbili unapata wa kwanza na wa tatu. Ule wa katikati hauna pa kupita. Mota inawaka kidole kikiwa kwenye batani na inazima ukiachia. Aliyeifunga aliona kwamba kontakti ya kushikilia inadai umeme kwenye 13, nyaya imeshafukiwa mtaroni, na umeme wa karibu uko pua kwa pua kwenye 5/L3.

Angeuchukua kwenye 96 ingekuwa nusu ya msiba: batani ya kuzimia ingebaki haifanyi kazi, lakini ovalodi ingekuwa bado inalinda mota. Hata hivyo hilo nalo halikubaliki, kwa sababu mtu aliyeko shambani anahitaji kuweza kuisimamisha pampu. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kila hatua unayoivuta 13 kuelekea kwenye fezi, unamwacha nje mlinzi mmoja zaidi.

Kilichoiunguza mota

Waya ule uliondoa ulinzi, lakini haukuunguza mota peke yake. Chanzo kilikuwa skrubu ya L1 chini ya breka kuu. Ilikuwa legevu, plastiki yake imegeuka kahawia, na ncha ya waya imeliwa na cheche. L1 ilipopotea, mota iliyokuwa tayari inazunguka iliendelea kuzunguka kwa fezi mbili. Koili ya kontakta haikuathirika kwa kuwa inakula L3.

Kwa kazi ya pale pampu ilikuwa inakula karibu 8.8 A kwa kila fezi. Fezi moja ikipotea na mzigo ukabaki uleule, mkondo kwenye fezi mbili zilizobaki hupanda mara 1.73 hivi, yaani kufikia kama 15 A. Breka ya 20 A haioni tatizo kwenye 15 A, na haikuwekwa kwa ajili hiyo. Yenyewe inalinda waya dhidi ya shoti. Ovalodi ndiyo inayojua kwamba 15 A kwa mota ya 11 A ni nyingi, tena ovalodi nyingi za chuma cha kupinda hutripu mapema zaidi zinapoona fezi moja haina mkondo. Ndivyo ilivyokuwa: ilitripu, ikawasha taa, ikafungua 95–96 ambayo hakuna aliyekuwa akipita hapo.

Mota ilipofunguliwa, alama za ndani zilisimulia habari ileile. Mota ya 400/690 V kwenye umeme wa 400 V hufungwa delta. Delta ikipoteza fezi moja, kundi moja la koili linabaki kati ya fezi mbili nzima na kubeba theluthi mbili ya mkondo, hapa kama 10 A badala ya 5 A ya kawaida. Makundi mengine mawili yanabaki yamefuatana, na kila moja linabeba theluthi iliyobaki. Joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo mara mbili ni joto mara nne. Ndani ya mota hii koili zilikuwa nyeusi pande mbili zinazotazamana, na nyingine zimebaki na rangi ya vanishi. Mota iliyozidiwa mzigo kwa fezi zote tatu huungua mzunguko mzima kwa usawa. Ukimpelekea mota msukaji, mwombe akuonyeshe koili za zamani kabla hajazikata. Dakika moja ya kuzitazama inakuambia utafute fezi iliyopotea au mzigo.

Wengine walisema gugu maji liliziba bomba la kuvutia. Kwa pampu ya aina hii, inayorusha maji kwa pangaboi, bomba la kuvutia likiziba maji hupungua na mkondo hushuka. Kinachoweza kuipandisha mkondo ni pangaboi kukwama kwa mchanga au mzizi, beringi kuharibika, au bomba la juu kupasuka na maji kumwagika bila kupanda mlima.

Marekebisho

Kipande cha 5/L3 kwenda 13 kiliondolewa. Nyaya ya kori mbili iliachwa mtaroni, ikavutwa mpya ya kori nne, 1.5 mm²: tatu za kontroli na moja ya erthi, kwa kuwa kiboksi cha batani ni cha chuma. Kori ya kijani na njano ni ya erthi tu. Usiitumie kujaza upungufu wa waya wa kontroli hata kwa siku moja. Na angalia rangi kwenye paneli za zamani na mpya zilizochanganywa. Kwa mtindo wa zamani bluu ni fezi na nyeusi ni nyutro. Kwa mtindo mpya bluu ni nyutro na nyeusi ni fezi. Pima kwa mita, usiamini rangi.

Ncha ya L1 ilikatwa mpaka kwenye shaba safi, breka ikabadilishwa, na skrubu zote za njia ya fezi zikakazwa, kila waya ukavutwa kwa mkono kuhakikisha hautoki. Ovalodi yenyewe, ya kuanzia 9 hadi 13 A, ilibaki ileile. Piga yake ilikutwa kwenye 13 ikarudishwa 11, sawa na kibao cha mota. Watu huipandisha wakihofia kwamba itatripu wakati wa kuwasha, kwa sababu mota hii ikianza huvuta mara sita au saba ya mkondo wake. Hofu hiyo haina msingi kwa pampu: kuanza kwake ni sekunde chache, na ovalodi ya daraja 10 imetengenezwa kuvumilia hilo. Ikitripu wakati wa kuwasha tafuta kwa nini mota inachelewa kushika mwendo. Swichi ya kujirudisha iliwekwa upande wa mkono, ili ikitripu mtu alazimike kwenda kwenye paneli na kuuliza sababu.

Matundu ya nyaya chini ya paneli yalizibwa kwa glandi. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi hufuata taa usiku, wakiingia kwenye paneli hulala kati ya sumaku za kontakta, na kontakta huanza kunguruma kwa sababu haifungi sawasawa. Koili inayonguruma mfululizo hupata joto na mwisho huungua.

Majaribio ambayo yangeufichua waya huo siku ya kwanza

La kwanza ni la mita, umeme ukiwa umezimwa. Weka ncha moja kwenye 5/L3 na nyingine kwenye 13. Itasoma karibu sifuri, na hapo mafundi wengi huishia. Sifuri hiyo haisemi chochote, kwa sababu hata stata iliyofungwa vizuri inasoma hivyo: fyuzi, 95–96 na batani ya kuzimia vyote vimefunga. Sasa mwambie mtu abonyeze ZIMA na kuishikilia. Mita lazima ionyeshe njia imekatika. Aachie, kisha bonyeza kitufe cha TEST kwenye ovalodi. Lazima ikatike tena. Irudishe ovalodi, chomoa fyuzi. Ikatike mara ya tatu. Kwenye paneli ya Igombe kabla ya marekebisho mita ingebaki sifuri mara zote tatu.

La pili ni la umeme, nyaya za mota zikiwa zimefunguliwa chini ya ovalodi na ncha zake kufunikwa. Washa, kontakta ishike. Bonyeza ZIMA na uachie. Lazima iachie na ibaki imeachia. Washa tena, bonyeza TEST. Lazima iachie, na taa nyekundu iwake *huku kontakta iko chini*. Irudishe ovalodi, washa tena, zima breka na uirudishe. Kontakta isishike yenyewe. Siri ya jaribio hili ni kwamba kila kitu kinajaribiwa kontakta ikiwa tayari imeshika. Kujaribu batani ya kuzimia mota ikiwa imezimwa hakugusi kontakti ya kushikilia kabisa.

Makosa mengine ya kontakti hiyo hayafichiki namna hii. Kontakta ikishika na kuachia pamoja na kidole, 13–14 haijaungwa au waya wa katikati umekatika. Ikipiga kelele za haraka kama cherehani mara breka inapowashwa, kabla hujagusa batani, mtu ametumia kontakti 21–22 badala ya 13–14: inafungua kila koili inapovuta, koili inaachia, inafunga tena. Ikishika yenyewe na kutulia mara umeme unaporudi, batani ya kuwashia imeganda au waya wa katikati na ule wa A1 zimegusana kwenye kiboksi, mara nyingi kwa sababu ya maji yaliyoingia. Makosa hayo matatu humfanya mtu aite fundi siku hiyohiyo.

Kosa la Igombe lilikaa kimya kwa sababu dalili yake pekee ilikuwa batani nyekundu isiyozima, na watu walishaizoea. Kwenye mlango wa paneli sasa kumebandikwa karatasi yenye mistari miwili, ya kufanywa kila Jumatatu pampu ikiwa inazunguka: bonyeza ZIMA shambani, isimame, iwashe, bonyeza TEST, isimame. Mojawapo isiposimamisha pampu, zima breka na usiiwashe tena mpaka 13 ifuatiliwe kwa mkono, waya hadi waya, kutoka kwenye kontakta hadi kwenye batani.